Kutoka Kiingereza hadi chumba cha sindano: kutafsiri maelekezo ya artesunati kwa wauguzi wa Songea

Katika zahanati na vituo vya afya vinavyouzunguka mji wa Songea, malaria kali ni kazi ya kila msimu. Mtoto huletwa akiwa amelegea, hawezi kunywa, au ameshikwa na degedege njiani. Dawa inayotakiwa kwanza ni artesunati ya sindano. Dawa hiyo haiji ikiwa tayari. Huja kama unga mweupe ndani ya kichupa, ikifuatana na ampuli ndogo ya kiyeyusho, na maelekezo ya kuitayarisha huandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Muuguzi aliyezoea dawa hiyo haisomi tena karatasi hiyo. Muuguzi mgeni, au yule wa zamu ya usiku aliye peke yake, ndiye anayeihitaji, na mara nyingi huisoma kwa haraka huku mgonjwa akimsubiri.

Kwa sababu hiyo, watumishi wenye uzoefu huandika tafsiri ya Kiswahili na kuibandika ukutani. Makala haya yanaeleza jinsi tafsiri ya namna hiyo inavyoweza kuandikwa bila kupoteza maana ya kitaalamu. Yanatumia mfano wa kichupa kimoja tu, chenye miligramu 60 za artesunati, kwa kuwa ndani ya maelekezo yake mafupi mna karibu kila mtego ambao mfasiri wa maelekezo ya kazi hukutana nao.

Jina la ugonjwa

Mtego wa kwanza uko kwenye kichwa cha habari. Malaria inayohitaji artesunati ya sindano huitwa kwa Kiswahili malaria kali. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya watumishi, husema malaria sugu. Maneno haya mawili hayana maana moja. Kali ni ile inayotishia uhai sasa hivi: mgonjwa amepoteza fahamu, ana degedege, amepungukiwa damu sana, anapumua kwa shida, au hawezi kukaa wala kunywa. Sugu ni ile isiyosikia dawa, au ile ambayo mgonjwa anaona inamrudia kila mara. Mtu mwenye homa inayojirudia lakini anayetembea na kula hahitaji artesunati ya sindano kwa sababu tu ameandikiwa neno sugu. Naye mtoto aliyezimia asicheleweshwe kwa hoja kwamba ndiyo kwanza augue malaria. Karatasi ya ukutani iandike malaria kali kila mahali, na chini yake iorodheshe dalili zenyewe.

Vitendo viwili, vitenzi viwili

Moyo wa maelekezo ni hatua mbili zinazofuatana. Katika hatua ya kwanza, unga huyeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, ambayo ndiyo iliyo kwenye ampuli ndogo. Katika hatua ya pili, myeyuko huo huongezewa sodiamu kloridi ya asilimia 0.9, ambayo watumishi huiita nomo salaini. Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila hatua, na wataalamu wa dawa hawavichanganyi. Mfasiri mwenye haraka huandika changanya katika hatua zote mbili, na hapo ndipo msomaji hupotea.

Msomaji anayeona changanya mara mbili huweza kudhani ni jambo moja lililorudiwa. Akiwa na haraka, huchukua nomo salaini na kuitia moja kwa moja kwenye unga. Unga huo hauyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye nomo salaini. Unahitaji baikaboneti ili ugeuke kuwa chumvi inayoyeyuka. Matokeo yake ni kimiminika chenye ukungu na chembe, ambacho hakifai kudungwa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Kuyeyusha ni kukifanya kitu kigumu kipotee ndani ya kimiminika. Kuzimua ni kukipunguzia kimiminika ukali wake kwa kukiongezea kimiminika kingine, kama apikaye anavyouzimua mchuzi uliozidi chumvi, au anywaye anavyoizimua pombe kali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni yeyusha na ya pili ni zimua. Kwa kuwa baadhi ya vijana hawalitumii neno zimua kila siku, karatasi ilieleze mara moja tu, pale linapotokea mara ya kwanza: zimua, yaani ongeza nomo salaini ili dawa isiwe kali. Baada ya hapo litumike lenyewe, wala lisibadilishwe kuwa punguza au changanya kwa ajili ya kupendezesha lugha. Katika insha, kurudiarudia neno moja ni udhaifu. Katika maelekezo ya kazi, neno likibadilika msomaji huamini kwamba na kitendo kimebadilika.

Kanuni hiyohiyo inahusu neno sindano. Katika mazungumzo, sindano ni ile ncha ya chuma, ni bomba lenyewe, na pia ni kitendo cha kuchomwa. Muuguzi akisoma kwamba atumie sindano tatu, anaweza kuelewa ncha tatu, mabomba matatu au dozi tatu. Karatasi nzuri huamua tangu mwanzo: sindano ni ncha, bomba ni kile chenye vipimo vya mililita, na dozi ni kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo mshipa. Kwa watu wengi mshipa ni njia ya damu, lakini pia ni kano, ni neva, na hata ni ugonjwa wa ngiri. Iandikwe mshipa wa damu, kwa ukamilifu, kila mara.

Kuongeza mililita 5 na kufikisha mililita 5

Dawa inayopitia mshipa wa damu huzimuliwa kwa kuongeza mililita 5 za nomo salaini. Ukijumlisha ile mililita 1 ya baikaboneti, kichupa huwa na mililita 6, na kila mililita hubeba miligramu 10 za dawa. Dawa inayodungwa kwenye msuli huzimuliwa kwa mililita 2 tu. Jumla huwa mililita 3, na kila mililita hubeba miligramu 20.

Kihusishi kidogo cha Kiingereza ndicho kinachotenganisha kuongeza mililita 5 na kufikisha mililita 5. Mfasiri akiandika zimua hadi mililita 5, msomaji mwangalifu ataongeza mililita 4 ili jumla iwe 5. Kila mililita sasa itabeba miligramu 12, yaani asilimia 20 zaidi ya iliyokusudiwa, na hakuna atakayeona kosa kwa macho, kwa kuwa kimiminika ni kilekile. Njia salama ni kuandika kitendo pamoja na matokeo yake: ongeza mililita 5, sasa kichupa kina mililita 6. Asiyezipata mililita 6 atajua papo hapo kwamba amekosea.

Neno safi

Maelekezo yanataka kichupa kitikiswe mpaka myeyuko uwe unaopenyeka kwa macho. Tafsiri nyingi huandika mpaka dawa iwe safi. Kwa Mswahili, safi ni kinyume cha chafu. Muuguzi aliyetumia vifaa vilivyotakaswa ataamini kwamba dawa yake ni safi hata ikiwa na ukungu kama maji ya mchele. Lililokusudiwa ni uangavu, si usafi. Iandikwe: tikisa mpaka dawa iwe angavu, isiyo na ukungu wala chembe, kiasi kwamba ukiweka maandishi nyuma ya kichupa unaweza kuyasoma. Sentensi inayofuata iseme: ikiwa bado ina ukungu au chembe, usimpe mgonjwa, chukua kichupa kipya.

Saa 12 ni saa ngapi?

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe, wala si Kiingereza, kinapomtega mfasiri. Artesunati hutolewa mara ya kwanza mgonjwa anapofika, mara ya pili muda wa saa 12 ukishapita, mara ya tatu muda wa saa 24 ukishapita tangu dozi ya kwanza, kisha mara moja kwa kila siku mpaka mgonjwa aweze kumeza dawa. Karatasi za Kiingereza hufupisha hayo kwa namba tatu: 0, 12 na 24. Mfasiri huandika dozi saa 0, saa 12 na saa 24.

Kwa Kiingereza, namba hizo haziwezi kuchanganywa kirahisi na saa ya ukutani. Kwa Kiswahili, saa 12 ni wakati jua linapochomoza au kuzama. Tuchukulie mtoto aliyepewa dozi ya kwanza Jumatatu saa 9 alasiri. Muuguzi wa jioni anasoma saa 12, anatazama dirishani, anaona giza linaingia, na anampa dozi ya pili baada ya saa 3 tu. Saa 24 nayo haimo kabisa katika hesabu ya Kiswahili ya saa, kwa hiyo atakayeipokea zamu atalazimika kukisia.

Kuandika baada ya saa 12 hakuondoi tatizo lote, kwa sababu maneno hayo pia yana maana ya wakati wowote baada ya magharibi. Katika mazungumzo watu hutofautisha kwa kusema masaa wanapotaja muda, lakini kwa kuwa Kiswahili sanifu hutumia saa kwa maana zote mbili, si kila msomaji atakayeizingatia tofauti hiyo. Suluhisho si kutafuta neno, bali kubadili umbo la maelekezo. Karatasi iwe na nafasi tupu tatu, na mtu anayetoa dozi ya kwanza azijaze zote palepale. Kwa mtoto wetu zitasomeka hivi: dozi ya kwanza, Jumatatu saa 9 alasiri (15:00); dozi ya pili, usiku wa kuamkia Jumanne saa 9 (03:00); dozi ya tatu, Jumanne saa 9 alasiri (15:00). Saa ya Kiswahili imeandikwa pamoja na namba za saa ya hospitali, na usiku umetajwa kwa siku unaoamkia. Hakuna anayeachiwa hesabu ya kufanya akiwa na usingizi.

Kilo 20 iko upande gani?

Mgonjwa mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Tafsiri ya haraka husema chini ya kilo 20 na zaidi ya kilo 20. Mtoto mwenye kilo 20 kamili ameachwa nje. Kwa Kiswahili, zaidi ya kilo 20 haiihesabu 20 yenyewe. Iandikwe kuanzia kilo 20 na kuendelea, na mpaka utaonekana bila maelezo mengine.

Karatasi ilivyokuwa baada ya kusahihishwa

Mambo hayo yakizingatiwa, maelekezo ya dawa inayopitia mshipa wa damu yanaweza kusomeka hivi:

1. Pima uzito wa mgonjwa. Andika kilo.
2. Usitumie maji ya sindano kuandaa dawa hii.
3. Vuta baikaboneti yote (mililita 1) kutoka kwenye ampuli ndogo. Itie kwenye kichupa chenye unga.
4. Yeyusha: tikisa mpaka dawa iwe angavu. Ikibaki na ukungu au chembe, usiitumie.
5. Zimua: ongeza mililita 5 za nomo salaini. Sasa kichupa kina mililita 6.
6. Vuta mililita za dozi kulingana na uzito.
7. Ingiza kwenye mshipa wa damu polepole: mililita 3 hadi 4 kwa dakika moja.
8. Dawa itumike ndani ya saa moja tangu kuandaliwa. Iliyobaki isihifadhiwe kwa dozi nyingine.
9. Jaza siku na saa ya dozi ya pili na ya tatu sasa hivi.

Katazo la maji ya sindano limewekwa kabla ya hatua ya kuyeyusha, ingawa katika karatasi nyingi huja mwishoni kama tahadhari. Msomaji wa maelekezo hutenda huku akisoma. Onyo linalokuja baada ya kitendo humkuta amekwisha kukosea. Neno polepole nalo limepewa kipimo, kwa kuwa kila mkono una upole wake.

Maelekezo ya dawa ya msuli yawe kwenye karatasi nyingine, ikiwezekana ya rangi tofauti, yenye kuongeza mililita 2 na jumla ya mililita 3, na yataje mahali pa kudunga: paja, upande wa mbele. Kuyaweka yote mawili kwenye safu mbili za karatasi moja huokoa nafasi, lakini jicho lililochoka huruka safu.

Mtoto wa kilo 14

Tuijaribu karatasi kwa mtoto wa kilo 14. Yuko chini ya kilo 20, kwa hiyo 14 mara 3 ni miligramu 42. Kwa njia ya mshipa wa damu, kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo anahitaji mililita 4.2. Jedwali la dawa hii hupandisha hadi mililita kamili inayofuata, yaani 5, ambazo huingizwa kwa takriban dakika moja na nusu. Kwa njia ya msuli, 42 gawanya kwa 20 ni mililita 2.1, ambazo hupandishwa kuwa 3.

Sasa tuchukulie kwamba muuguzi amezimua kwa mililita 5 kama kwa mshipa wa damu, kisha amevuta mililita 3 kama kwa msuli. Mtoto atapata miligramu 30 badala ya 42 zinazotakiwa. Dozi imepungua kwa zaidi ya robo, katika saa ambazo vimelea vinapaswa kupungua kwa kasi. Kwa nje kila kitu kimefanyika sawa: kichupa kimefunguliwa, dawa ilikuwa angavu, mtoto amedungwa, kadi imejazwa. Kosa la namna hii hujulikana tu kwa kulinganisha mililita zilizoongezwa na mililita zilizovutwa. Kwa sababu hiyo kadi ya mgonjwa iwe na nafasi ya zote mbili, wala si ya dozi peke yake.

Kuijaribu tafsiri kabla ya kuibandika

Mwandishi hawezi kuikagua tafsiri yake mwenyewe, kwa sababu anaposoma Kiswahili chake husikia Kiingereza nyuma yake. Majaribio mawili yanatosha. La kwanza, mtumishi mwingine ambaye hajaona karatasi ya Kiingereza airudishe tafsiri katika Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza zilinganishwe. Ikiwa kuyeyusha na kuzimua vimerudi kama neno moja, au mpaka wa kilo 20 umehama, kosa limejionyesha.

Jaribio la pili ni la mikono. Muuguzi ambaye hajawahi kuandaa dawa hiyo apewe karatasi ya Kiswahili, vichupa vya mazoezi, maji na bomba, na aambiwe afuate maandishi bila kuuliza. Mwandishi asimame kando na kunyamaza. Kila mahali muuguzi anaposita, anaporudi kusoma juu, au anaponyanyua ampuli isiyo yake, patiwe alama. Kasoro hapo ni ya sentensi, si ya muuguzi. Baada ya marekebisho, mfamasia athibitishe kila namba, na kamati ya dawa na tiba ya hospitali iidhinishe karatasi pamoja na tarehe yake.

Tarehe hiyo ina kazi. Artesunati hupatikana pia katika vichupa vya miligramu 30 na 120, na kiasi cha kuyeyushia na kuzimulia hubadilika. Ipo pia ambayo huandaliwa kwa kiyeyusho kimoja tu. Karatasi iliyotafsiriwa vizuri kwa kichupa cha miligramu 60 huwa na hatari siku boksi la aina nyingine linapofika. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, iandikwe: kwa kichupa cha miligramu 60 pekee. Boksi likiwa jingine, ifuatwe karatasi iliyomo ndani yake mpaka tafsiri mpya iandaliwe.

Maneno ya kumwambia mzazi

Sehemu ya mwisho ya maelekezo hayamhusu muuguzi peke yake. Hata mtoto akizinduka na kuomba uji baada ya dozi ya kwanza, dozi tatu za siku ya kwanza lazima zikamilike, na kisha ameze dawa mseto kamili kwa siku tatu. Aidha, baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu wiki moja au zaidi baada ya kutibiwa kwa artesunati, ingawa malaria yenyewe imepona.

Karatasi za Kiingereza hulieleza jambo hilo kwa istilahi ya kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Mzazi hahitaji istilahi hiyo, anahitaji kile atakachokiona. Muuguzi anaweza kumwambia hivi: «Mama, mtoto amepata nafuu, lakini mwangalie kwa wiki nne. Ukiona viganja au midomo imekuwa myeupe, macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au amechoka kupita kiasi, mrudishe siku hiyohiyo, na useme kwamba alidungwa artesunati.» Kisha amwombe mzazi arudie kwa maneno yake mwenyewe. Mzazi akitaja dalili zote nne na jina la dawa, tafsiri imefika. Akisema tu kwamba ameambiwa amrudishe akiumwa, muuguzi aanze upya kabla ya kumruhusu aondoke.